Pesa ilitoka kwa wakati, tarehe ikapita: ufuatilie, uombe muda, au uache ife?

Umelipa jioni ya siku ya mwisho. Ujumbe umeingia, salio limepungua, ukalala ukijua umemaliza. Asubuhi unafungua akaunti yako kwa yule uliyemlipa, na deni bado liko pale pale. Tarehe imepita. Wengi wetu tukifika hapo huwa tunalipa mara ya pili kwa woga, au tunanyamaza tukitumaini mambo yatajipanga yenyewe. Njia zote mbili zinaweza kukugharimu.

Leo tutachukua mfano mmoja na kuufuata mpaka mwisho: ushuru wa mapato ya nyumba za kupangisha, ambao hulipwa KRA kila mwezi. Tumeuchagua kwa sababu wenye ploti wengi kuanzia Kawangware hadi Uthiru huulipa kwa simu, na kwa sababu tarehe yake iko kwenye sheria, siyo kwenye mdomo wa mtu.

Kwanza, ijue tarehe yenyewe

Ukipata kodi ya nyumba ya kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka, ushuru ni asilimia 7.5 ya kodi yote uliyopokea. Kiwango hiki kilianza Januari 2024. Hutoi gharama zozote kwanza, hata kama mwezi huo ulipaka rangi au ulirekebisha choo. Mwisho wa kuwasilisha ritani na kulipa ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Kuna mtego hapa. Tarehe 20 ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu, sheria ya taratibu za ushuru hairuhusu uvute mpaka siku inayofuata. Inarudi nyuma hadi siku ya kazi iliyotangulia. Ushuru wa kodi ya Septemba hukutana na mtego huu kila mwaka, kwa sababu 20 Oktoba ni Siku ya Mashujaa. Mwaka 2026 Mashujaa ni Jumanne, kwa hivyo mwisho ni Jumatatu tarehe 19. Ukilipa asubuhi ya Mashujaa ukidhani uko sawa, hiyo siyo shida ya mfumo kuchelewa. Umechelewa wewe, na hakuna pa kulalamika.

Kwa hivyo kabla hujamlaumu mtu, hakikisha kwamba siku uliyolipa ilikuwa kweli ndani ya muda.

Mfano: Mama Ploti wa Kangemi

Tuseme kuna mama ana ploti Kangemi, vyumba 8, kila kimoja Sh5,000. Kwa mwezi anapokea Sh40,000, kwa mwaka Sh480,000. Ushuru wake wa mwezi ni asilimia 7.5 ya Sh40,000, yaani Sh3,000.

Mwaka ni 2025, na anashughulikia kodi ya Oktoba. Mwisho ni Alhamisi, 20 Novemba. Mchana wa siku hiyo anaingia iTax na kuwasilisha ritani. Kisha anatengeneza karatasi ya malipo, ambayo inampa nambari inayoitwa PRN. Nambari hiyo ndiyo inayoiambia KRA kwamba hizi Sh3,000 ni za nani, za ushuru gani, na za mwezi gani. Saa tatu na dakika kumi usiku anafungua simu, anachagua Pay Bill, anaweka 222222, kwenye akaunti anaweka PRN, analipa. Ujumbe wa uthibitisho unaingia.

Ijumaa asubuhi anaangalia iTax. Deni la Sh3,000 bado linaonekana. Anapigia huduma kwa wateja.

"Mama, ujumbe wa uthibitisho uliupata?"

"Niliupata, mwanangu. Saa tatu na dakika kumi usiku."

"Na pesa haijarudi kwa simu?"

"Haijarudi. Sasa nilipe tena?"

"Hapana mama, usilipe tena. Kwanza tuone pesa iko wapi."

Huyo kijana amejibu vizuri. Maswali yake mawili ndiyo yanayoamua njia utakayofuata: je, pesa ilitoka na ikabaki nje? Na ilitoka lini?

Pesa inaweza kukwama sehemu tatu

Pesa ikitoka kwa simu yako, hupitia kwa kampuni ya malipo, halafu kwa mfumo wa malipo ya serikali ambao nambari yake ni 222222, halafu ndiyo taarifa inafika iTax na deni linafutwa. Mara nyingi haya yote huisha kwa dakika chache. Likikwama, linakuwa limekwamia sehemu moja kati ya tatu, na kila sehemu ina dalili yake.

Sehemu ya kwanza ni kabla ya ujumbe. Umeweka PIN, simu imefikiria, halafu hakuna kitu. Salio halijapungua. Hapa pesa bado ni yako na malipo hayajafanyika, hata kama ulijaribu mara tano.

Sehemu ya pili ni katikati. Ujumbe umekuja, salio limepungua, lakini mpokeaji haoni chochote. Hapa ndipo Mama Ploti alipo. Pesa imemtoka, na yeye amefanya sehemu yake.

Sehemu ya tatu ni pale pesa inaporudi. Ujumbe wa kwanza ulikuja, halafu kesho yake au keshokutwa unakuja mwingine ukisema malipo yamerudishwa. Watu wengi hawausomi huu wa pili. Wanaona salio limeongezeka na kudhani ni mpangaji amelipa.

Kufuatilia: pesa ilipotoka ndani ya muda

Kama ujumbe wako una tarehe na saa iliyo ndani ya muda, na pesa haijarudi, njia yako ni kufuatilia. Usilipe tena. Ukilipa tena na ile ya kwanza ikatokea, utakuwa umelipa Sh6,000 kwa deni la Sh3,000. Ziada haipotei, itakaa kwenye akaunti yako ya ushuru kama salio lako, lakini kuitoa ni ombi jingine na kungoja kwingine.

Usianze kupigana siku hiyo hiyo, kwa sababu kuna kitu kimoja cha kuangalia kwanza. Malipo yakishaingia iTax, risiti yake huwa na tarehe ya malipo. Angalia tarehe hiyo, siyo siku uliyoiona. Tuseme Mama Ploti anaona malipo yake Jumamosi tarehe 22. Akifungua risiti na kukuta tarehe ya malipo ni 20 Novemba, basi habari imeisha. Macho yake ndiyo yaliyochelewa kuona, malipo hayakuchelewa. Hakuna adhabu na hakuna cha kufuatilia.

Akikuta risiti inasema 22 Novemba, hapo sasa kuna kesi. Mfumo umemhesabia siku mbili ambazo hakuwa na pesa mkononi.

Anza kwa kampuni yako ya malipo, na uliza swali moja tu: muamala huu umekamilika, unasubiri, au umerudishwa? Jibu likiwa umekamilika, omba waliandike, hata kwa ujumbe mfupi au barua pepe. Hilo jibu ndilo utakalopeleka mbele. Kampuni ya malipo haiwezi kufuta adhabu ya KRA. Inachoweza ni kuthibitisha saa ambayo pesa ilitoka.

Kisha nenda KRA. Unaweza kupiga 0711 099 999, au ufike kwenye dawati lao pale Huduma Centre ya GPO, Kenyatta Avenue, kama unashukia katikati ya mji. Andika maneno machache yenye kila kitu:

"Nililipa Sh3,000 kwa nambari 222222, PRN (andika yote), tarehe 20 Novemba 2025 saa 3:10 usiku. Nambari ya muamala ni (nakili kutoka kwa ujumbe). Kampuni ya malipo imethibitisha muamala ulikamilika saa hiyo. iTax inaonyesha tarehe 22 Novemba. Naomba tarehe irekebishwe na adhabu iliyotokana nayo ifutwe."

Ambatanisha picha ya ujumbe, lakini nakili pia ile nambari ya muamala kwa maandishi. Anayehudumu hawezi kutafuta picha kwenye mfumo wake. Anatafuta nambari.

Ombi hili lina sheria nyuma yake. Sheria ya Fedha ya 2023 iliondoa ule utaratibu wa zamani wa kuomba kusamehewa adhabu na riba. Kisha Sheria ya Fedha ya 2025 ikafungua mlango mwembamba: adhabu na riba zinaweza kufutwa pale zilipotokana na kosa la mfumo wa elektroniki, kuchelewa kusasishwa kwa mfumo, adhabu moja kuandikwa mara mbili, au mtu kusajiliwa kimakosa kwa aina ya ushuru isiyo yake. Angalia hilo la pili. Ndiyo kesi ya Mama Ploti neno kwa neno. Kwa hivyo kwenye barua yako usiandike "naomba mnihurumie, hali ni ngumu". Mlango huo haupokei huruma. Andika kwamba mfumo ulichelewa kusasishwa, na uonyeshe saa mbili: saa pesa ilipotoka na saa mfumo uliposajili.

Ukiandika na kuandika tena bila jibu, kuna ofisi inayopokea malalamiko kuhusu ofisi za umma zinazochelewa kujibu wananchi: Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana kama Ombudsman, iliyo West End Towers, Waiyaki Way, Westlands. Hawatakuhesabia ushuru upya, lakini wanaweza kuiuliza ofisi kwa nini haijakujibu. Nenda huko ukiwa na nakala za barua zako na tarehe ulizozipeleka.

Kuomba muda: kabla, siyo baada

Hapa ndipo watu hukosea zaidi. Tarehe ikishapita, wanapiga simu kuomba muda uongezwe. Lakini muda wa kuwasilisha ritani huombwa kwa maandishi kabla ya tarehe ya mwisho. Tarehe ikishapita hakuna kitu cha kuongeza, kilichobaki ni kuomba adhabu ifutwe, na hilo ni ombi tofauti.

Jambo la pili ni kwamba hata ukikubaliwa muda wa kuwasilisha ritani, tarehe ya kulipa haisogei. Hizo ni tarehe mbili, ingawa kwa ushuru huu zote huangukia siku moja. Ukikosa pesa ya kulipa, kuna ombi la kulipa baadaye au kidogo kidogo, lakini riba huendelea kuhesabiwa. Kwa Sh3,000 hiyo safari haina faida. Kwa mtu mwenye deni la miezi kumi, ina maana.

Na ujue nani anaweza kusogeza tarehe. Unakumbuka usajili wa laini wa Aprili 2022? Mwisho ulikuwa tarehe 15, foleni zikajaa kwenye maduka, halafu muda ukaongezwa miezi sita hadi 15 Oktoba. Aliyeongeza ni Mamlaka ya Mawasiliano, kwa sababu tarehe ilikuwa yake. Mhudumu wa duka hangeweza, hata kama foleni ilikuwa mlangoni kwake. Vivyo hivyo, kampuni ya malipo haiwezi kukuongezea muda wa KRA, wa shule, au wa kaunti. Mhudumu akikuambia "usijali, mtalipa kesho hakuna shida", muulize kama ameandika hilo mahali. Kama mwenye tarehe hajatangaza, tarehe iko pale pale.

Tufanye sasa kwamba Mama Ploti alikwama sehemu ya kwanza: alijaribu mara kadhaa usiku ule, hakuna ujumbe uliokuja, saa sita usiku ikapita. Hana cha kuomba kuongezewa. Alipe asubuhi mapema, mara tu njia ikifunguka, kwa PRN ile ile kama bado iko hai. Adhabu ya kuchelewa kulipa ni asilimia 5 ya ushuru, yaani Sh150, na riba ni asilimia 1 kwa mwezi, yaani Sh30. Jumla Sh180. Kama ana ushahidi kwamba mfumo wenyewe ndio uliokuwa chini, kama picha za skrini zenye saa au tangazo rasmi, anaweza kuomba zifutwe. Kama shida ilikuwa mtandao wa simu yake au salio halikutosha, hizo Sh180 ni zake.

Lakini ona alichokiokoa. Ritani aliiwasilisha mchana, kabla ya kulipa. Adhabu ya mtu binafsi ya kuchelewa kuwasilisha ni Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru, ile iliyo kubwa zaidi. Kwake ingekuwa Sh2,000, zaidi ya mara kumi ya ile ya kuchelewa kulipa. Pesa ikikwama haikuzuii kuwasilisha ritani. Wanaongoja mpaka wapate pesa ndipo wafungue iTax huchelewa vyote viwili kwa pamoja.

Kuacha ife: karatasi, siyo deni

Karatasi ya malipo yenye PRN ina tarehe ya kuisha iliyoandikwa juu yake. Ikishaisha, usijaribu kuilazimisha. Iache, utengeneze nyingine. PRN iliyokufa bila kulipwa haikudai chochote. Deni liko kwenye akaunti yako ya ushuru, siyo kwenye karatasi.

Njia hii ni ya mtu aliyekwama sehemu ya tatu. Tuseme Sh3,000 za Mama Ploti zilirudi kwa simu tarehe 23. Hapo hana tena pesa ya kufuatilia, kwa sababu iko mkononi mwake. Akikaa wiki mbili akibishana kuhusu malipo ya kwanza, kila siku inayopita ni ya kwake. Alipe siku hiyo hiyo iliporudi. Kama PRN ya kwanza ina shida au imeisha, aandike kwenye daftari lake "imekufa, pesa ilirudi tarehe 23", kisha alipe kwa mpya. Baada ya hapo ndipo afuatilie adhabu pekee, akiwa na ujumbe wote wawili: wa kutoka tarehe 20 na wa kurudi tarehe 23. Ujumbe wa pili una uzito sawa na wa kwanza, kwa sababu unaonyesha kwamba siku zile tatu pesa haikuwa kwake. Kwa hivyo usiufute.

Kabla ya kuiacha PRN ya zamani, thibitisha kwanza na kampuni ya malipo kwamba muamala wake umerudishwa kweli na hausubiri. Muamala unaosubiri unaweza kukamilika baada ya wewe kulipa upya, na hapo umelipa mara mbili.

Je, kama adhabu ni Sh180 tu, si uiache nayo ife? Adhabu haifi kama karatasi. Inakaa kwenye akaunti, riba haisimami kwa deni la ushuru ambalo halijalipwa, na siku utakapotaka cheti cha kuonyesha huna deni la ushuru, kwa zabuni au kwa kazi, ndiyo itakayokuzuia. Pima mwenyewe: kama safari za kwenda mjini na kurudi Kangemi zitakula zaidi ya Sh180, tuma ombi lako kwa maandishi bila kusafiri, au lipa uendelee na maisha. Ila usiiache tu bila kuamua.

Kwa kifupi, usiku ukikukuta

Soma ujumbe. Kama haukuja na salio halijapungua, hujalipa: lipa mara njia ikifunguka, na usiombe muda uliokwisha. Kama ulikuja kabla ya tarehe kupita na pesa haijarudi, umelipa: usirudie, ngoja risiti, soma tarehe iliyo juu yake, ufuatilie ikiwa tu tarehe hiyo ni mbaya. Kama pesa imerudi, acha malipo ya kwanza yafe, lipa upya siku hiyo, udai adhabu baadaye ukiwa na ujumbe wote wawili.

Na mwezi ujao, wasilisha ritani kodi ikishaingia yote, hata kama ni tarehe 8. Halafu lipa angalau siku tatu kabla ya mwisho. Pesa ikikwama siku mbili njiani, bado itafika kabla ya tarehe.